Je, wajua jinsi vimeng'enya vya ini, ALT na ALP, vinavyoonyesha kama shida ni seli za ini au njia ya nyongo?

*"Mama amekuwa na macho ya manjano. Nimekutumia picha ya karatasi yake ya vipimo vya ini, tumepima hapa Arusha. ALT 180, ALP 390, bilirubini 6.2. Daktari kaziangalia namba tu, akasema ini lenyewe si tatizo kubwa, shida iko kwenye njia ya nyongo. Amejuaje wakati vyote viko juu?"*

Amegawanya. Kila kimeng'enya kina ukomo wake wa kawaida, kwa hiyo 390 kuwa kubwa kuliko 180 hakumwambii mtu chochote. Kinachosema ni kila kimoja kimepanda mara ngapi juu ya ukomo wake, na kipi kimepanda zaidi ya mwenzake.

Vimeng'enya hivi viwili havipandi kwa njia moja. ALT hukaa ndani ya seli ya ini, kwenye majimaji yake. Seli ikijeruhiwa na virusi, dawa au sumu, ukuta wake hulegea na ALT iliyokuwamo humwagika kwenye damu, na ndani ya saa chache namba imepanda. ALP imekaa kwingine: imeshikamana na ukuta wa seli, hasa upande unaotazama vijifereji vya nyongo. Nyongo ikikwama, hurudi nyuma kama maji ya mfongo ulioangukiwa na mgomba, na asidi zake zikijaa huisukuma seli itengeneze ALP nyingi zaidi na kuiachia kwenye damu. Kwa hiyo ALT iliyopanda ni mali iliyovuja, na ALP iliyopanda kwa sehemu kubwa ni mali mpya iliyotengenezwa. Shika tofauti hiyo, maana tutairudia.

Mwaka 1990 zilichapishwa kanuni za wataalamu wa nchi mbalimbali waliotaka lugha moja ya kueleza madhara ya dawa kwenye ini, na humo ndimo uwiano unaoitwa R ulimopata mipaka inayotumika hadi leo:

```
R = (ALT / ukomo wa juu wa ALT) / (ALP / ukomo wa juu wa ALP)
```

R ikifika 5 au zaidi, jeraha ni la seli za ini. Ikiwa 2 au chini, ni la njia ya nyongo. Katikati huitwa mchanganyiko. Tukichukulia ukomo wa ALT ni 40 na wa ALP ni 130, ALT ya mama imepanda mara 4.5 na ALP mara 3. Gawanya 4.5 kwa 3, unapata 1.5, yaani upande wa nyongo.

Lakini hapo nimechukulia tu. Picha uliyonitumia imekatwa upande wa kulia, na safu ya viwango vya kawaida haionekani. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye picha za vipimo: mtu anasogeza simu ili namba zisomeke vizuri, na safu anayoiacha nje ndiyo yenye nusu ya hesabu. Ukomo wa ALT hutofautiana kiasi kati ya maabara na maabara. Wa ALP hutofautiana mno, kwa sababu kuna njia zaidi ya moja ya kuipima na zinatoa namba za ukubwa tofauti. Kuna karatasi ukomo wake ni 120 au 130, na kuna nyingine unakaribia 300. Kama maabara yenu ingekuwa ya hao wa 300, ALP ya 390 ingekuwa imepanda mara 1.3 tu, na R ingekuwa karibu 3.5. Mgonjwa yuleyule, damu ileile, na jibu limehamia kwenye mchanganyiko. Picha ya pili uliyotuma, karatasi ikiwa imelala mezani na kona zote nne zikionekana, imemaliza ubishi: ukomo wa ALP ni 130. Usiazime ukomo wa karatasi nyingine hata siku moja.

Picha ileile ilikuwa na mtego mwingine, kwenye bilirubini, ile rangi inayofanya macho yawe ya manjano. 6.2 si ndogo. Karatasi yenu imetumia mg/dL, ambako ukomo huwa karibu 1.2. Hospitali nyingine huandika µmol/L, na huko ukomo ni kama 21. Anayekumbuka 21 akiona 6.2 bila kizio atasema mama mzima. Kubadilisha, zidisha kwa 17.1, na 6.2 inakuwa 106. Nukta nayo huliwa na kivuli cha kidole au mwanga wa taa, 6.2 ikasomeka 62. Njia rahisi ya kujikagua ni hii: bilirubini ya moja kwa moja, ile iliyoandikwa D-BIL, ni sehemu ya jumla, T-BIL, kwa hiyo haiwezi kuizidi. Ukisoma imezidi, ama umesoma vibaya ama macho yameruka mstari. Mistari ya ALT na ya AST, kimeng'enya kingine cha seli za ini, ndiyo hurukwa zaidi, hasa karatasi ikipigwa picha kwa mshazari, na baadhi ya mashine huziita GPT na GOT. GPT ndiyo ALT.

Watu wengi hudhani bilirubini ndiyo itakayowaambia kama ni ini au ni nyongo. Ya mama ni 4.9 ya moja kwa moja kati ya 6.2, na utasikia mtu akisema "ya moja kwa moja iko juu, basi mrija umeziba". Hapana. Ini hufanya kazi mbili juu ya bilirubini: kwanza huibadilisha ikaweza kuyeyuka kwenye maji, na hiyo ndiyo ya moja kwa moja, kisha huitoa kwenye nyongo. Kazi inayoshindikana mapema seli zikiugua ni ya kuitoa. Mgonjwa wa homa ya ini bado anaibadilisha, ila haitoki, inarudi kwenye damu. Matokeo yake, ya moja kwa moja hupanda kwenye homa ya ini na hupanda kwenye mrija ulioziba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Inachokuambia ni jambo jingine: kwamba umanjano huu hautokani na chembe nyekundu kuvunjika, kama kwenye selimundu au malaria kali, maana huko isiyo ya moja kwa moja ndiyo hutawala, na ALP haina sababu ya kupanda.

Kazi kubwa ya bilirubini ni kuonyesha uzito wa jeraha baada ya R kuonyesha aina yake. Daktari Mmarekani Hyman Zimmerman aligundua kwamba dawa ikijeruhi seli za ini hadi mgonjwa akawa wa manjano, takriban mmoja kati ya kumi huishia pabaya. Ndiyo maana mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu, ALT ikiwa zaidi ya mara 3 ya ukomo wake, bilirubini zaidi ya mara 2, na ALP ikiwa haijapanda, dawa husimamishwa siku hiyohiyo. Hapo R kubwa na macho ya manjano vikikutana ni hatari. Ajabu ni kwamba rifampisini, iliyo kwenye vidonge hivyohivyo, inaweza kupandisha bilirubini peke yake bila kudhuru seli, kwa kushindana nayo kwenye njia ya kupita. Bila ALT kando yake, bilirubini ingemtisha mtu bure.

Turudi kwenye kuvuja na kutengenezwa. Kuvuja ni kwa saa chache, kutengeneza ni kwa siku. Jiwe likitoka kwenye kifuko cha nyongo usiku na kuziba mrija ghafla, asubuhi ALT inaweza kuwa 600 na ALP bado haijastuka. R itapiga kelele kwamba ni seli za ini, na mtu ataanza kutafuta virusi wakati jiwe limekaa palepale. Baada ya siku mbili tatu ALT inashuka, ALP inapanda, na R inavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila ugonjwa kubadilika. Ndiyo sababu nilikuuliza maumivu yalianza lini. Mama alikuwa na maumivu ya juu kulia kwa wiki nzima, anajikuna, mkojo kama chai ya rangi, na choo kimepauka. R ya 1.5 katika siku ya saba naiamini. Katika siku ya kwanza nisingeiamini.

Pombe nayo huidanganya R. Mnywaji wa mbege wa miaka mingi mwenye ini lililoumizwa na pombe huwa na ALT ya chini kuliko unavyotarajia, tuseme 80, na AST mara mbili yake au zaidi. ALP yake ikiwa 200, R inatoka 1.3, "njia ya nyongo", ilhali seli ndizo zinazokufa. R haiitazami AST kabisa, kwa hiyo uitazame wewe.

Na ALP si ya ini peke yake. Mifupa inayokua ya mtoto huitoa, mfupa uliovunjika huitoa, na kondo la nyuma huitoa mimba ikikomaa. Ndiyo maana daktari aliitazama GGT, kimeng'enya kingine kinachopanda nyongo ikikwama, kabla ya kusema. Mifupa na kondo haviipandishi GGT. Ya mama ni 410, ukomo 40. ALP yake ni ya ini.

Karatasi inaishia hapo. Haiwezi kusema kama nyongo imekwama kwenye mrija mkubwa kwa jiwe au uvimbe wa kongosho, au kwenye vijifereji ndani ya ini kwa sababu ya dawa. Hilo ni la altrasaundi, ambayo hutafuta mrija uliotanuka, ingawa katika siku za mwanzo mrija unaweza kuwa bado haujatanuka. Akipata homa na kutetemeka kabla ya siku ya altrasaundi, mpelekeni usiku huohuo, kwa sababu nyongo iliyoziba ikiingiwa na vijidudu huua haraka.

Kuna kipimo kimoja zaidi naomba umuulize daktari: INR, muda wa damu kuganda. Vitamini K huhitaji nyongo ili ifyonzwe tumboni, na ini huihitaji kutengeneza vigandisha damu. Kwa hiyo INR inaweza kupanda kwa sababu mbili, nyongo haifiki tumboni au seli zimechoka. Akichomwa sindano ya vitamini K na INR ikashuka vizuri ndani ya saa 24 hivi, seli zilikuwa nzima na zilikosa malighafi tu. Isiposhuka, seli zenyewe zimeumia, hata kama R imesema nyongo.