Cómo na como: alama ya mkazo na mtego wa «-vyo-»

Ninapowafundisha Kihispania wasemaji wa Kiswahili, kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni alama ya mkazo juu ya neno cómo. Wengi huamini kwamba alama hiyo huandikwa palipo na kiulizo na huachwa pasipo nacho. Imani hiyo huvunjika mara tu wanapokutana na sentensi mbili: ¿Lo hiciste como te dije?, yaani «Ulifanya kama nilivyokuambia?», ambayo ni swali lakini como yake haina alama, na No sé cómo lo hizo, «Sijui alifanyaje», ambayo si swali la moja kwa moja lakini alama ni lazima.

Kinachoamua ni kazi ya neno. Cómo huulizia namna ambayo haijatajwa, hata kama swali limefichwa ndani ya sentensi ya kawaida, ilhali como huunganisha tendo na namna ambayo tayari inachukuliwa kuwa inajulikana.

Ugumu wetu unatokana na lugha yetu wenyewe. Kiswahili huruhusu «Sijui alifanyaje» na pia «Sijui alivyofanya» kwa maana ileile, kwa hiyo mwanafunzi anayeona kirejeshi «-vyo-» hudhani kwamba Kihispania nacho kinadai como kirejeshi, akaacha alama. Tazama agizo «Andika bibi yako anavyoongea». Je, unatakiwa kueleza namna anavyoongea, au kuiga mtindo wake? Kihispania hutenganisha maana hizo kwa alama moja tu: Escribe cómo habla tu abuela ni kueleza, na Escribe como habla tu abuela ni kuiga.

Kipimo ninachokitumia ni kurudisha «-je» katika sentensi ya Kiswahili. Ukiweza kusema «Andika bibi yako anaongeaje» bila kubadilisha maana, weka alama. Ikiwa kinachofaa ni «kama anavyoongea», iache. Kwa upande wa Kihispania, cómo hukubali nafasi yake ichukuliwe na de qué manera, yaani «kwa namna gani», na sikio nalo husaidia, kwa sababu cómo hutamkwa kwa mkazo wake wenyewe, wakati como hutamkwa bila mkazo, kama kwamba limeegemea neno linalofuata.

Kipimo hicho hukulinda pia katika Ya verás como llegan tarde. Hapa msemaji haelezi namna ya kuchelewa, bali anasema «Utaona kwamba watachelewa». «-Je» haina nafasi, na alama haiandikwi.

Kwa donde, neno la mahali, hali ni legevu kidogo. Baada ya vitenzi kama tener, haber, buscar na encontrar katika miundo kama hii ifuatayo, No tengo dónde dormir na No tengo donde dormir zote ni sahihi, kwa kuwa «Sina pa kulala» inaweza kueleweka kama swali lililofichwa au kama mahali palipokosekana. Simpunguzii mwanafunzi maksi anapochagua mojawapo.