Kutafuta kazi: subira ni ya muda gani, na njia hubadilishwa lini?

"Nina diploma ya mapokezi ya hoteli, nakaa Malindi. Tangu Aprili nimetuma barua 40 na nimepigiwa simu mara moja tu, na sasa ni Agosti. Kwa kawaida mtu hukaa muda gani kabla hajapata? Nitajuaje kama nivumilie au nibadilishe njia?"

Takwimu za Marekani, ambako hesabu hizi hutolewa kila mwezi, zinafaa kuanzia. Miaka ya karibuni, ukiwapanga wanaotafuta kazi huko kuanzia aliyeanza jana hadi aliyekaa zaidi, yule wa katikati huwa amefika kama wiki 10. Lakini ukijumlisha muda wa wote na kuugawanya kwa idadi yao, unapata zaidi ya wiki 20. Ni watu wale wale, ila wachache waliokwama mwaka mzima au zaidi ndio wanaoivuta hesabu juu. Kwa hiyo ukiambiwa "kwa wastani ni miezi mitano," usidhani watu wengi hukaa miezi mitano. Wengi hutoka mapema, na wasiotoka mapema hukaa sana. Uchumi ukiyumba mambo hubadilika: mwaka 2010 yule wa katikati alikuwa amefika wiki 25.

Sasa turudi Malindi, kwa sababu kazi za hoteli pwani huendeshwa na msimu. Mvua za masika zikianza Aprili wageni hupungua, na Mei na Juni hoteli nyingi hufunga kabisa au hubaki na walinzi, watu wa bustani na fundi mmoja wa rangi. Julai milango hufunguliwa, Agosti Waitaliano huja likizo, kisha kilele chenyewe ni Desemba na Januari, na shughuli huendelea hadi Pasaka. Meneja huongeza watu wiki chache kabla ya wageni kufika: mwishoni mwa Juni kwa ajili ya Julai, Oktoba na Novemba kwa ajili ya Krismasi. Barua iliyofika Mei imemkuta meneja yuko kwao, naye akirudi haanzi kufukua bahasha za zamani.

Nilimwomba kijana huyu anitenganishie barua zake. Kati ya zile 40, 12 zilikwenda kwenye matangazo yaliyotaka shahada na miaka mitatu ya uzoefu, vitu ambavyo hana. Nyingine 22 zilikwenda hotelini Aprili na Mei. Zilizobaki ni 6, zilizofika kwenye hoteli zinazofunguliwa, mwishoni mwa Juni na Julai, kwa nafasi anayoiweza. Ile simu moja ilitoka humo. Simu moja kwa barua 6 si mbaya hata kidogo! Mtu anayejiona ameshindwa mara 39 ameshindwa mara 5 tu, na angeweza kukaa usiku kucha akiandika upya wasifu usio na kasoro.

Tatizo lake lilijitokeza kwenye mahojiano. Msimamizi wa mapokezi alimsalimu kwa Kiitaliano, akamuuliza angemwambia nini mgeni ambaye chumba chake hakijawa tayari. Akanyamaza. Malindi hii, ambako muuza vinyago ufukweni anapatana bei kwa Kiitaliano bila kushika daftari, mtu wa mapokezi asiyeweza sentensi 20 za lugha hiyo anashindana mguu mmoja ukiwa umefungwa. Cha kubadilisha kwake ni hicho, na ana miezi miwili kabla ya dirisha la Oktoba.

Kwa hiyo usihesabu siku, tazama kamba inakatikia wapi. Mimi hupima hivi: ukishapeleka barua 10 au 15 mahali panapokufaa na wakati unaofaa, na mwezi ukapita bila simu hata moja, basi kasoro iko kwenye barua yenyewe au kwenye mlango unaoupitia. Simu zikija, ukaitwa mara tatu au nne na wasikuchukue, barua imemaliza kazi yake, kasoro iko kwenye chumba cha mahojiano. Na kama huna hata barua 10 za aina hiyo, bado hujaijaribu njia yako, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha.

"Na huo mlango hubadilishwa vipi? Watu wote ninaowajua nao wanatafuta."

Hapo ndipo penye jibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, wengi walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra, wala si rafiki wa kila siku. Sababu yake ni rahisi: rafiki zako wa barazani wanajua unachokijua wewe, na wanangoja tangazo lile lile. Anayejua kwamba msichana wa mapokezi anaolewa mwezi ujao na hatarudi ni muuza samaki anayeingia jikoni kila alfajiri, ni dereva wa tuktuk anayewarudisha wafanyakazi wa zamu ya usiku, ni yule mliyesoma naye darasa la sita na sasa anafua mashuka. Hawa hawana uwezo wa kukuajiri, na usiwaombe hivyo. Waulize kitu kimoja tu: nani anaondoka?

Na ukifika getini, kumbuka askari si ukuta. Ana daftari la wageni, ana rundo la bahasha za kaki kwenye droo, na anajua jina la meneja wa mapokezi na saa anazopumua. Usiende asubuhi wageni wanapolipa na kutoka. Muulize askari jina, liandike juu ya bahasha, kisha rudi saa aliyokutajia. Barua ya "Kwa Anayehusika" hukaa kwenye droo.

"Kibarua cha msimu je, nikikubali sitaonekana sina msimamo?"

Kubali. Mwaka 2013 watafiti watatu walichapisha matokeo ya wasifu wa kubuni waliowatumia waajiri wa Marekani, tofauti ikiwa ni muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri pengo lilivyorefuka simu zilipungua, na sehemu kubwa ya kupungua huko ilikuwa katika miezi minane ya kwanza. Wewe uko mwezi wa tano.

Ila kibarua hicho kisiishe bila karatasi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo haki ya kupata cheti cha utumishi anapoondoka, chenye tarehe alizoanza na kumaliza na aina ya kazi aliyofanya. Wengi hawakiombi, wanapeana mikono na kwenda zao, kisha Aprili hawana cha kuonyesha. Kiombe wiki ya mwisho, mhasibu akiwa bado yupo hotelini, maana Mei utamkuta fundi wa rangi.

Kazi za kaunti zina saa yake nyingine kabisa: tangazo, orodha ya walioteuliwa, mahojiano, kisha miezi ya kimya. Omba ukikidhi masharti, lakini usizitie kwenye hesabu ya barua zako 15.