Hodhi zito si lazima lilishe

"Hodhi la kulishia likiwa na alumini nyingi, tundu litatoka wapi?" Ndivyo wanavyouliza mafundi wanaosubu vipuri vya boti huku Unguja. Hodhi hilo ni nafasi ya ziada kwenye kalibu, inayojazwa alumini ya kukilisha kipande kinapoganda.

Alumini hunywea kwa takriban asilimia 6 inapoganda, na hodhi huliziba pengo hilo iwapo tu litabaki majimaji baada ya kipande kuganda. Kwa kanuni ya Chvorinov, muda wa kuganda hufuata mraba wa moduli, yaani ujazo uliogawanywa kwa eneo la uso unaopoa, wala haufuati uzito. Mchemraba wa milimita 60 una moduli ya milimita 10, na hodhi lake huhitaji angalau mara 1.2 ya hiyo, yaani 12. Hodhi la mcheduara lililowekwa ubavuni, lenye kipenyo na kimo cha milimita 72, hufikia kiwango hicho. Alumini ileile ya hodhi ikisambazwa kuwa bapa la milimita 140 kwa 140 kwa 15, moduli hushuka hadi 6 hivi, na bapa huganda kwa chini ya nusu ya muda wa mchemraba.

Shingo inayounganisha hodhi na kipande nayo isigande mapema. Ukikuta hodhi limejaa, juu tambarare bila kubonyea, ukate mchemraba katikati: huenda tundu limo humo.