Mzee mgonjwa na deni la TRA: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Mzee mwenye duka Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, akipata kiharusi, familia hukimbilia hospitali ya Maweni, na barua za mamlaka ya mapato, TRA, hubaki kwenye bahasha. Zikifunguliwa, ushauri huja kutoka kila upande, na mwingi hauna msingi. Nayaandika haya kwa ajili ya watoto na wajukuu wanaobeba mzigo huo, kwa sababu barua iliyoandikwa vizuri inaweza kumpa mzee nafasi ya kupumua, na iliyoandikwa vibaya hupotea kwenye faili.

“Mzee aliyevuka miaka 60 hadaiwi kodi.”

Wanaosema hivi wanachanganya mambo mawili. Umri wa miaka 60 humpa mzee nafuu kwenye kodi ya jengo, kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Kodi ya mapato ya biashara haiangalii umri. Na duka likifungwa bila TRA kuarifiwa, kwenye kumbukumbu zao biashara bado ipo, kwa hiyo makadirio ya mwaka unaofuata yanaweza kutoka kama kawaida huku mzee yuko kitandani.

“Peleka cheti cha daktari, deni litafutwa.”

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kodi huwekwa kwa sheria ya Bunge, ndivyo Katiba inavyosema katika ibara ya 138, na meneja wa mkoa hawezi kuifuta kodi yenyewe kwa huruma. Yanayoweza kuombwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ni mengine: kuongezewa muda, kulipa kwa awamu, na kupunguziwa au kusamehewa riba na adhabu kukiwa na sababu ya msingi. Ugonjwa mzito ni sababu ya msingi, ila lazima uonekane unahusiana na kushindwa kulipa.

Tumchukulie mzee wa miaka 74 aliyekuwa akiuza vitenge Ujiji. Hakutunza vitabu, na mauzo yake yalikadiriwa kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11, hivyo alipaswa kulipa 250,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 na 2023 hakulipa. Machi 2024 alipata kiharusi, duka likafungwa, lakini makadirio ya 2024 yalikuwa yameshatoka. Jumla ni 750,000, mbali na riba.

Mwanawe akiandika tu kwamba “baba ni mgonjwa, tunaomba msamaha”, afisa hana cha kushika. Deni hilo lina sehemu mbili zisizofanana. Ile 500,000 ya 2022 na 2023 ni ya miaka ambayo duka lilikuwa wazi, kwa hiyo inakubalika na kuombewa muda. Ile 250,000 ya 2024 inahusu mwaka ambao mzee alifanya biashara kwa miezi michache tu, kwa hiyo inaombewa marekebisho, na taarifa ya kufunga biashara inaambatanishwa. Barua ikitenganisha hivyo, kila ombi lina jibu lake.

Cheti nacho kina kazi maalumu. Rundo la risiti za dawa linaonyesha kwamba fedha zimetumika, halionyeshi mzee anaweza nini. Mwombeni daktari aandike, kwa jina lake, sahihi na muhuri wa hospitali, ugonjwa ulianza lini, umemzuia nini (kutembea, kusema, kushika kalamu, kusimamia biashara), na kama kuna matarajio ya kurudi kazini. Tarehe ya kuanza kuugua ikilingana na tarehe ya kufungwa duka, maelezo yote yanasimama. Faili zima la matibabu halihitajiki, na heshima ya mzee inastahili kulindwa. Kama hawezi kusaini, anayeandika kwa niaba yake awe na hati ya kumwakilisha iliyothibitishwa na wakili au hakimu. Bila hiyo ofisi inaweza kukataa hata kulizungumzia deni lake, na ina haki, kwa kuwa taarifa za mlipakodi ni siri.

“Ukiahidi kidogo watakudharau, bora uahidi kikubwa.”

Ahadi kubwa isiyotimizwa ni hatari kuliko ndogo inayolipwa. Awamu moja ikikosekana, makubaliano yanaweza kuvunjika na salio lote likadaiwa kwa mkupuo. Mzee wetu anapata 60,000 kwa mwezi kutoka kwa mpangaji wa chumba chake, na mwanawe humchangia 40,000. Dawa, nauli ya kliniki na chakula vinakula 80,000. Kinachobaki ni 20,000, na hicho ndicho cha kutaja, pamoja na mchanganuo wenyewe.

Kwa 500,000 hiyo ni miezi 25. Riba huendelea kuhesabiwa hata muda ukiwa umeongezwa, kwa hiyo pimeni kabla ya kuahidi. Tuseme kwa mfano riba ni asilimia 9 kwa mwaka: mwezi wa kwanza ni kama 3,750. Awamu ya 20,000 inaishinda na deni linashuka. Ahadi ya 3,000 isingeligusa deni hata angelipa miaka yote, na ndiyo maana ombi la kusamehewa riba liwemo kwenye barua hiyohiyo.

Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

“Naomba hatua za kukusanya deni hili zisitishwe kwa miezi sita kutokana na hali ya afya iliyoelezwa kwenye cheti kilichoambatanishwa. Deni la 2022 na 2023 nalikubali. Katika kipindi hicho nitalipa shilingi 20,000 kila tarehe 5, na mwezi wa sita nitaleta cheti kipya ili hali yangu iangaliwe upya. Naomba pia nisamehewe riba na adhabu. Makadirio ya 2024 naomba yarekebishwe kwa kuwa duka lilifungwa Machi.”

Ombi lenye mwisho na tarehe ya kuangaliwa upya ni rahisi kukubaliwa kuliko “hadi atakapopona”, neno ambalo hata daktari hawezi kulisaini.

“Barua ikishapokelewa, wamesimama.”

Hawajasimama mpaka wajibu kwa maandishi. Wakati huo TRA bado inaweza kuiandikia benki ya mzee iwape fedha zilizomo, na inaweza kumwandikia yeyote anayedaiwa na mzee, hata mpangaji wake. Chumba cha 60,000 ndicho kinachonunua dawa, kwa hiyo barua iseme wazi kwamba pato hilo likikamatwa, hata zile 20,000 hazitapatikana. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wiki mbili zikipita kimya, nendeni na nakala hiyo mkamuulize afisa anayeshughulikia madeni. Lipeni awamu ya kwanza bila kungoja jibu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na TRA, kamwe si mkononi mwa mtu.

Barua ya kuomba muda pia si pingamizi. Anayepinga makadirio ana siku 30 tangu alipopata taarifa, na kwa kawaida hutakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi kisichobishaniwa kama hicho ni kikubwa zaidi. Kama siku hizo bado hazijaisha, pingamizi la 2024 liandikwe peke yake. Kama zimepita kwa sababu mzee alikuwa amelazwa, ombeni kuongezewa muda wa kupinga. Tarehe za kulazwa na kuruhusiwa ndizo ushahidi, kwa hiyo fomu ya kutoka wodini msiitupe.

“Akifa, deni limekufa naye.”

Linadaiwa kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi, kabla warithi hawajagawana. Watoto hawalilipi mfukoni mwao kwa sababu tu ni watoto. Msimamizi akigawa nyumba na kuliacha deni analolijua, anaweza kufuatwa yeye, kwa hiyo faili la barua, cheti na risiti za awamu akabidhiwe mapema.