Kadi ni ileile, fremu si zilezile: dhana potofu kuhusu majaribio ya gemu

Kila gemu kubwa inapotoka napata ujumbe uleule, majina tu ndiyo hubadilika: "Fundi, nimeona jaribio la kadi ya grafiki kama yangu, RTX 3060, inatoa fremu 84 kwa High. Yangu inatoa 50. Niliuziwa feki?" Hapana, hukuuziwa feki. Na kabla hujauliza, tatizo si draiva, na kufuta Windows uanze upya ni kujichosha bure. Ulisoma jedwali moja mahali palipohitaji mawili.

Dhana: Kadi yangu ikiwa sawa na ya kwenye jaribio, nitapata fremu zilezile

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, basi nitakaa nayo.

Anayepima kadi za grafiki huzichomeka zote kwenye mashine moja yenye prosesa kali, tuseme Ryzen 7 9800X3D. Hafanyi hivyo kwa kujionyesha. Anataka prosesa isizuie chochote, ili tofauti inayoonekana kwenye jedwali iwe ya kadi peke yake. Kwa hiyo fremu 84 za RTX 3060 zina maana moja tu: kadi hiyo, ikiletewa kazi bila kusubirishwa, humaliza fremu 84 kwa sekunde. Hiyo ni dari ya kadi. Kuhusu mashine yako hapakuwa na ahadi yoyote.

Prosesa nayo ina dari yake. Kabla kadi haijachora fremu, prosesa imeshahesabu wapita njia wanaelekea wapi, nani kamgonga nani, vitu gani viko mbele ya macho ya mchezaji, kisha imeandaa maagizo ya kuchora. Kazi hiyo karibu haijali rezolusheni. Ndiyo maana wapimaji wa prosesa hugeuza mambo: wanaweka kadi kali kuliko zote na kushusha rezolusheni hadi 1080p au hata 720p, ili safari hii kadi ndiyo isizuie. Wengi huyacheka majedwali hayo. "Nani mwenye kadi ya bei hiyo anacheza 720p?" Hakuna. Lakini nusu ya jibu unalolitafuta imo humo.

Kanuni ni fupi. Tafuta dari ya kadi yako kwa setingi na rezolusheni utakayotumia. Tafuta dari ya prosesa yako kwenye gemu hiyohiyo. Chukua namba iliyo ndogo. Usijumlishe, na tafadhali usitafute wastani wa hizo mbili, maana wapo wanaofanya hivyo.

Tuchukue mashine ya mteja wangu mmoja tuifuate mpaka mwisho. Namba za kwenye majedwali ni za mfano. Ina RTX 3060 ya GB 12, prosesa Core i5-8400, na skrini ya 1080p. Jedwali la kadi linasema 84 kwa High na 62 kwa Ultra. Ukienda kwenye jedwali la prosesa, i5-8400 haimo. Ni ya mwaka 2017, wapimaji wameshaiacha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye namba ya kadi.

Dawa ni daraja. Tafuta prosesa moja iliyomo kwenye jedwali jipya na ambayo pia iliwahi kupimwa pamoja na yako kwenye gemu za zamani. Hapa Core i5-12400 inafaa. Tuseme kwenye gemu ya zamani, kwa kadi kali na 1080p, i5-12400 ilitoa 150 na i5-8400 ikatoa 90. Uwiano ni 0.6. Kwenye gemu mpya i5-12400 imetoa 86, kwa hiyo yako utaitarajia kwenye 52 hivi. Rudia kwa gemu mbili tatu na ushike uwiano ulio mdogo. i5-8400 ina viini 6, na kila kimoja hubeba uzi mmoja tu wa kazi. Gemu mpya ikitaka nyuzi nyingi zaidi ya hizo, uwiano wa zamani utakudanganya kwa upande wa matumaini.

Sasa una 84 ya kadi na 52 ya prosesa. Utapata kama 50. Na mteja huyo alipata 50.

Kinachofuata ndicho watu hukikosea baada ya kuelewa hayo yote. Wanashusha kila setingi mpaka Low. Fremu zinakwenda 53, picha inakuwa mbaya, na hasira inapanda. Kadi ilikuwa inasubiri tangu mwanzo. Kuipunguzia kazi ni kumwongezea mapumziko mtu aliyekaa. Kwenye mashine hii ningefanya kinyume: tekscha zipande juu kabisa kwa sababu GB 12 zinatosha, ubora wa vivuli na wa taa upande pia, maana hata Ultra dari ya kadi ni 62 na bado iko juu ya 52. Vinavyoshuka ni vile vinavyoitesa prosesa: wingi wa watu mitaani, umbali wa kuona, na ray tracing. Hiyo ya mwisho watu hudhani ni mzigo wa kadi tu, ilhali prosesa nayo huongezewa kazi ya kupanga upya ramani ya vitu ambayo miale inaifuata.

Namna ya kuthibitisha haikugharimu kitu. Zima V-Sync na ukomo wowote wa fremu, washa MSI Afterburner, simama sehemu yenye watu wengi, uangalie `GPU usage`. Ikiwa kwenye 97 au 99, kadi ndiyo inayozuia. Ikicheza kwenye 60, kuna kinachoichelewesha, na mara nyingi ni prosesa. Kisha shusha rezolusheni hadi 720p ukiwa palepale. Fremu zisipopanda, umepata jibu. Usiniletee picha ya Task Manager inayoonyesha prosesa imetumika asilimia 65 ukasema ina nafasi. Hiyo ni hesabu ya viini vyote kwa pamoja. Uzi mkuu wa gemu unaweza kuwa umejaa kwenye kiini kimoja huku vingine vinausubiri.

Angalia pia jaribio lilifanyiwa wapi ndani ya gemu. Dragon's Dogma 2 ilipotoka Machi 2024, fremu ziliporomoka kwenye mji wa Vernworth hata kwa wenye kadi za juu, kwa sababu prosesa ilikuwa inahesabu wakazi wote wale. Aliyepima porini na aliyepima sokoni walikuwa na namba mbili tofauti kwa mashine ileile, na wote walisema kweli. Mpimaji mzuri huandika eneo alilopima. Asipoliandika, mimi humpita.

Dhana: Jina likiwa moja, kadi ni moja

Wenye laptopu, hapa ndipo mnapoumia. RTX 4070 ya mezani ina GB 12 za VRAM. Ya laptopu ina GB 8 na chipu ndogo zaidi. Ni kadi mbili zilizopewa jina linalofanana. Hata kati ya laptopu zenyewe, RTX 4060 inaruhusiwa kuwekwa popote kati ya wati 35 na 115, mtengenezaji ndiye anayeamua. Jaribio la laptopu nene ya wati 115 halikuhusu wewe mwenye ile nyembamba. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia `System Information`, usome wati zako, halafu ndipo utafute jaribio lenye wati zinazokaribiana. Na ukishalipata, usisahau ile hesabu ya prosesa hapo juu, maana laptopu nayo inayo.

Mezani pia mtego upo. GTX 1060 ya GB 3 ilikuwa na viini 1152 na ile ya GB 6 viini 1280, kwa hiyo tofauti haikuwa ya VRAM peke yake. Soma jina mpaka herufi na namba ya mwisho.

Dhana: Wastani ukifika 60, gemu itakwenda laini

Wastani huficha mikwamo. Fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Fremu moja ikichukua 80 utaisikia mkononi, lakini ndani ya wastani wa dakika nzima itapotea. Soma mstari wa `1% Low`, yaani kasi ya ile asilimia moja ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Wastani ukiwa 62 na huo ukiwa 31, usihesabu kwamba una gemu ya 60. Mimi hupanga setingi kwa mstari huo wa chini, na wastani nauangalia baadaye kama una umuhimu. Kwenye prosesa ya zamani pengo kati ya namba hizo mbili huwa kubwa zaidi kuliko la mashine ya mpimaji, kwa hiyo hata ukikadiria wastani sawasawa, huo wa chini ukadirie kwa ubahili.

Dhana: "4K fremu 60" ni 4K

Inaweza isiwe. Soma maandishi madogo chini ya jedwali. Ikiwa wameandika DLSS au FSR kwenye Performance, kadi inachora 1080p halafu picha inakuzwa. Kwenye Quality, kila upande unagawanywa kwa 1.5, hivyo skrini yako ya 1080p inachorwa kwa 720p. Sina ugomvi na teknolojia hiyo, nami naitumia. Ugomvi wangu ni kulinganisha namba hiyo na ya jaribio ambalo halikuiwasha. Halafu kuna fremu za kubuniwa, frame generation: jedwali linasema 100, ila gemu yenyewe inahesabu nusu yake au hata pungufu, na vidole vyako vinazisikia hizo chache.

Kwa yule wa i5-8400, kuwasha Quality hakukuongeza chochote, kwa sababu hiyo ni njia nyingine ya kushusha rezolusheni, na rezolusheni haikuwa shida yake. Skrini yake ni ya hezi 120, kwa hiyo tulifunga fremu kwenye 40, ambazo hugawanyika sawasawa ndani ya 120 na kila fremu ikakaa milisekunde 25. Tulipunguza wingi wa watu kwa hatua moja ili `1% Low` isiteremke sana chini ya hapo tukiwa mjini, na setingi nyingine zikabaki Ultra.