Faiba ya megabiti 500 na rauta iliyogota kwenye 230

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku Casuarina, Malindi, alihama kutoka kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hadi cha 500. Rauta akaiacha ileile. Baada ya hapo akanipigia: "Fundi, hawa wameniuzia maneno. Napata 230 tu."

Nilichomeka laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba ukutani, nikapata karibu 490. Laini ni nzima. Nikairudisha rauta katikati, bado kwa kebo ili waifai isiingie kwenye hesabu: 230. Ingekuwa kama 94, ningeangalia milango ya kebo kwanza, kwani mlango wa megabiti 100 hugota papo hapo. Lakini hakuna mlango wa 230. Namba ya aina hiyo, tena inayopandashuka kila ukipima, ni dalili ya prosesa iliyoelemewa.

Data husafiri kwa paketi, na paketi kubwa ya kawaida ni baiti 1500. Megabiti 500 kwa sekunde ni paketi kama 41,600 kila sekunde, yaani mikrosekunde 24 tu kwa kila moja. Kwa kila paketi rauta yapaswa kutazama ni ya mazungumzo gani, ipite au izuiwe, kisha ibadilishe anwani ya ndani iwe ya nje (hiyo ndiyo NAT), na kuituma. Rauta ya mama huyu ina chipu ya MT7621: koa mbili za megahezi 880. Kwa megabiti 20 ilikuwa ikisinzia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona kasoro.

Chipu hiyohiyo, hata hivyo, ina saketi ya pembeni iliyoundwa kwa kazi hii moja. Ni kama kizuizi cha barabara ya Lamu: gari la kwanza la msafara likaguliwe, yaliyobaki yapite. Prosesa hushughulikia paketi za mwanzo za mazungumzo, huandika uamuzi wake kwenye jedwali la saketi, na zinazofuata hubadilishwa anwani na kutumwa bila prosesa kuguswa. Kwa njia hiyo chipu ya bei ndogo hufikia karibu gigabiti nzima.

Mbona basi haikuwa ikifanya hivyo? Zamani, ili mgeni mmoja asimeze laini yote, mama aliwasha `QoS`. Kugawia kila mgeni sehemu yake kunataka kila paketi ihesabiwe na kupangwa foleni na prosesa, kwa hiyo rauta huzima saketi ile kimyakimya. Nilizima `QoS`, nikahakikisha `HW NAT`, jina la saketi ile kwenye menyu, imewashwa: 480. Wenye rauta za mfumo huria wa OpenWrt huiwasha hivi, kwa chipu zinazokubali:

```
uci set firewall.@defaults[0].flow_offloading='1'
uci set firewall.@defaults[0].flow_offloading_hw='1'
uci commit firewall
service firewall restart
```

Kabla ya kuwasha, endesha `top` huku mtu akipakua faili kubwa. Ukiona `sirq`, muda unaotumika kushughulikia paketi, imemeza karibu prosesa yote, umempata mwizi.

Kulikuwa na jambo la pili. Mpangaji wa muda mrefu aliomba VPN, handaki la mtandao lililosimbwa, iwekwe kwenye rauta, na kupitia OpenVPN akapata megabiti 15. Hapa saketi ya NAT haisaidii kitu. Inajua kubadilisha anwani. Kusimba kila baiti ni kazi ya prosesa. OpenVPN ya kawaida pia hupandisha kila paketi kutoka kiini cha mfumo hadi kwenye programu, kisha huirudisha chini, yote kwa uzi mmoja wa kazi. Ndiyo maana `top` huonyesha `25%` na watu hudhani prosesa imelala. Kila koa ya MT7621 huendesha nyuzi mbili, hivyo huhesabiwa kuwa na prosesa nne, kwa hiyo robo ni moja iliyojaa hadi pomoni.

WireGuard, VPN ya aina nyingine, hufanya kazi ndani ya kiini, na hutumia ChaCha20, usimbaji wa kujumlisha na kuzungusha biti ambao prosesa isiyo na amri maalum za AES, usimbaji unaotumiwa sana na OpenVPN, huumudu vizuri. Kwenye chipu kama hii hupita megabiti 100. Lakini nilimshauri mpangaji aiweke VPN kwenye laptopu yake. Prosesa ya laptopu ina amri za AES, na kwa rauta handaki lote huwa mazungumzo mamoja tu ya UDP, ambayo saketi huyapitisha kama mengine.

Anayetaka lazima VPN iwe kwenye rauta anunue yenye prosesa ya ARM ya biti 64, kisha athibitishe kwamba `aes` imo kwenye mstari wa `Features` katika `/proc/cpuinfo`. Zingine hazina, Raspberry Pi 4 ikiwemo. Namba kubwa za kwenye boksi ni za waifai, hazisemi lolote kuhusu haya.

"Na yule mgeni wa kupakua sinema usiku kucha?" mama akauliza.

"Mwache apakue, mama. Kwa 500 hamtagombana. Mkigombana, tutanunua rauta yenye prosesa ya kutosha kuendesha `QoS` bila msaada wa saketi."

Akataka kujua bei kwanza.