Utata wa kimuundo: “wanaume na wanawake wazee” ni akina nani?

Tuseme mtendaji wa kijiji anapokea ujumbe mfupi kutoka wilayani: “Niandalie orodha ya wanaume na wanawake wazee.” Hakuna neno geni hapo, lakini ujumbe huo unazaa orodha mbili. Moja ni ya wazee peke yao, wa kiume na wa kike. Nyingine ina wanaume wote, hata kijana wa miaka 20, ila kwa upande wa wanawake inachukua wazee tu. Kama kijiji kina wanaume 400, wazee kati yao wakiwa 60, na wanawake wazee ni 70, orodha ya kwanza itakuwa na majina 130 na ya pili majina 470.

Wanaisimu huuita huu utata wa kimuundo, au utata wa kisintaksia. Ni tofauti na utata wa neno kama “paa”, ambalo laweza kuwa mnyama au sehemu ya nyumba. Hapa kila neno limebaki na maana yake ileile, na kinachobadilika ni namna maneno yanavyoshikana. Mabano yanaonyesha vizuri:

[wanaume na wanawake] wazee
wanaume na [wanawake wazee]

Katika mpangilio wa kwanza “wazee” inavumisha kundi zima. Katika wa pili inaishia kwa wanawake. Kiingereza hutanguliza kivumishi, kwa hiyo huko wanaobaki na shaka ni wanawake. Sisi tunakiweka nyuma ya nomino, na shaka inawaangukia wanaume.

Upatanisho wa ngeli mara nyingine hutuokoa. Ukisema “walimu na vitabu vipya”, hakuna atakayedhani walimu nao ni wapya, maana hao wangedai “wapya”. Lakini wanaume na wanawake wako ngeli moja, na “wazee” inawafaa wote. Hata ngeli zikitofautiana, kinga si kamili: katika “viti na meza mbovu”, wasemaji wengi hupatanisha kivumishi na nomino ya karibu huku wakikusudia vyote viwili. Wakati mwingine akili ya kawaida ndiyo inayoamua. “Wanaume na wanawake wajawazito” haimpi mtu shida, ingawa muundo wake ni uleule.

Basi mtendaji wetu afanye nini? Akijibu, “Sawa, nitaandaa orodha ya wanaume na wanawake wazee,” hajathibitisha lolote, kwa sababu ameurudisha utata kama ulivyokuja. Kuongeza “ambao” pia hakusaidii: “wanaume na wanawake ambao ni wazee” bado inasomeka kwa njia zote mbili. Koma baada ya “wanaume” inasaidia kidogo, lakini kwenye simu watu huandika bila koma, na msomaji hawezi kujua kama imeachwa kwa makusudi.

Anachohitaji ni sentensi yenye usomaji mmoja tu. Kwa maana ya kwanza anaweza kurudia kivumishi, “wanaume wazee na wanawake wazee”, au akaanza na wazee wenyewe: “wazee wote, wanaume kwa wanawake”. Kwa maana ya pili, njia fupi ni kugeuza mpangilio: “wanawake wazee na wanaume wote”. Kivumishi kikishafungiwa upande wa kwanza wa “na”, hakivuki tena kwenda upande wa pili. Kwa hiyo anaandika: “Nimeelewa unataka wazee wote, wanaume kwa wanawake, vijana hawamo. Ni hivyo?” Sasa “ndiyo” ina maana. Angeuliza tu, “Unamaanisha wazee?” angejibiwa “ndiyo” na mtu mwenye nia yoyote kati ya zile mbili, kwa kuwa wazee wamo katika orodha zote.

Mimi napendelea swali la mtu mmoja wa mfano, aliyemo katika usomaji mmoja na asiyekuwamo katika mwingine: “Mwanamume wa miaka 30 aandikwe au asiandikwe?” Mtumaji hahitaji kujua chochote kuhusu sarufi, na jibu lake linafuta orodha moja papo hapo.

Linabaki swali la mzee ni wa umri gani, lakini hilo si la muundo. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaanzia miaka 60. Nchini Kenya, fedha za wazee za mpango wa Inua Jamii zinaanzia miaka 70. Hakuna mpangilio wa maneno utakaotatua hilo. Mtendaji aulize umri kwa swali lake lenyewe, la sivyo atapata “ndiyo” moja kwa maswali mawili.